Mwanafunzi ameandika tofauti ya joto ni 22.5. Tumpe sifuri, au tumfuate alikopita?

#1 Mwalimu wa Zamu
Habari za jioni, wadau. Ninasahihisha mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, na swali la grafu ya joto na mvua limenifikisha mahali ambapo mwongozo wa usahihishaji haunisaidii. Grafu ni ya kituo cha mazoezi ambacho tulikiita Kituo A bila kutaja mahali. Mhimili wa kushoto ni wa mvua, kuanzia 0 hadi milimita 300, na wa kulia ni wa joto, kuanzia 0 hadi nyuzi 30. Nguzo zinaonyesha mvua na mstari unaonyesha joto. Takwimu tulizochorea, Januari hadi Desemba, ni hizi:

Joto: 28, 28, 28, 27, 26, 25, 24, 24, 24, 25, 27, 28
Mvua: 70, 60, 130, 250, 180, 40, 30, 25, 30, 60, 120, 115

Jibu la tofauti ya joto ya mwaka ni nyuzi 4. Mwanafunzi mmoja ameandika 22.5 na kuonyesha hesabu yake: 25 kutoa 2.5. Wa pili ameandika kuwa Januari ilinyesha milimita 280. Wa tatu ameandika kuwa jumla ya mvua ya mwaka ni milimita 92.5. Mwenzangu ninayesahihisha naye anasema wote watatu wamebahatisha, kwa hiyo wapewe sifuri na tusonge mbele. Mimi sioni kama wamebahatisha. Mnaonaje?

#2 Kipimajoto
Mwalimu, hakuna aliyebahatisha hapo. Chukua rula uiweke kwenye kilele cha nguzo ya Aprili, kisha badala ya kwenda kushoto nenda kulia: utagonga 25. Fanya hivyo kwa nguzo ya Agosti, utagonga 2.5. Huyo wa kwanza amesoma nguzo za mvua kwa mhimili wa joto, akachagua ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote, akatoa sawasawa. Wa pili amefanya kinyume chake, yaani ameufuata mstari wa joto wa Januari, uliopo kwenye 28, akausoma kwa mhimili wa kushoto ambako urefu huo ni 280.

Wa tatu ni mtu mwingine kabisa na hastahili kuwekwa kapu moja na hao wawili. Jumlisha mvua ya miezi yote upate 1,110, kisha gawanya kwa 12: ni 92.5 kamili. Maana yake amesoma nguzo zote kumi na mbili bila kukosea hata moja, halafu akatoa wastani mahali palipoulizwa jumla. Kama kuna alama za kusoma grafu, huyo anazo zote, na alichopoteza ni alama ya kujibu swali lililoulizwa.

#3 Rula Fupi
Kipimajoto anatetea uzembe kwa ufundi mkubwa. Swali ni la kutafsiri grafu, na kutafsiri kunaanza na kusoma kilichoandikwa pembeni mwa mhimili. Isitoshe, jibu lenyewe lilitakiwa limshtue. Kituo chenye misimu miwili ya mvua na mwezi wenye milimita 250, halafu Agosti iwe nyuzi 2.5? Hapo tungekuwa tunavaa makoti ya manyoya Kigamboni.

#4 Mwalimu wa Zamu
Rula Fupi, swali halikutaja Kigamboni wala mahali popote, kwa hiyo mwanafunzi hakuwa na cha kumshtua isipokuwa grafu yenyewe. Ila nakubali kwamba angelitazama umbo la mstari angeona kuwa karibu ni bapa, na mstari bapa hauwezi kutoa tofauti ya nyuzi 22.

#5 Mama Zuhura
Shikamooni walimu. Mimi ni mzazi tu, lakini nina la kusema. Binti yangu alikosa swali la namna hii na nikamwomba anionyeshe karatasi ya maswali. Ilikuwa fotokopi ya fotokopi. Namba za mhimili wa kulia zilikuwa zimekatwa nusu kwa sababu karatasi ililala upande kwenye mashine, na maneno ya kueleza ni upi mhimili wa joto hayakuwepo kabisa. Mtoto alitumia mhimili aliouona. Sasa huo uzembe ni wa nani?

#6 Rula Fupi
Marahaba, mama. Kwa karatasi ya namna hiyo mtihani wenyewe ndio unaopaswa kupewa sifuri. Ila nina shaka kama karatasi ya Mwalimu wa Zamu ilikuwa hivyo, maana aliyeandika 22.5 aliuona mhimili wa kulia vizuri sana. Aliutumia mahali pasipo pake.

#7 Mkulima wa Handeni
Mimi nadhani wote mnapoteza muda na grafu ambayo haina ukweli tena. Hiyo Aprili ya milimita 250 iko wapi siku hizi? Kuna miaka masika yanachelewa hadi mahindi yanakauka, na miaka mingine vuli inanyesha kuliko masika. Mwanafunzi aliyeandika kuwa Januari ina mvua nyingi huenda anaandika alichokiona shambani.

#8 Kipimajoto
Mkulima, unachosema kuhusu miaka kutofanana ni kweli, ila si hicho grafu inachoonyesha. Grafu ya joto na mvua huchorwa kwa wastani wa miaka mingi, kwa kawaida 30, na kipindi cha rejea kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Mwaka mmoja wa masika mabovu unamezwa ndani ya wastani huo. Mwanafunzi haulizwi mwaka huu umenyeshaje. Anaulizwa nguzo ina urefu gani.

#9 Mkulima wa Handeni
Basi wastani huo hauli ugali. Naendelea kusoma.

#10 Binti Ujiji
Naomba niongeze, kwa kuwa mnasahihisha. Kuna njia rahisi ya kujua kiangazi kwenye grafu hizi: pale mstari wa joto unapokuwa juu ya nguzo za mvua ni kiangazi, na pale nguzo zinapoupita mstari ni masika. Tulifundishwa hivyo chuoni. Kwa hiyo mwanafunzi akitumia njia hiyo hata mhimili hauhitaji kuuangalia sana.

#11 Kipimajoto
Dada, njia hiyo ipo na ni ya watu wazito, lakini haifanyi kazi kwenye grafu ya Mwalimu wa Zamu. Ijaribu kwenye Aprili. Nguzo ya mvua inafika 250. Mstari wa joto uko kwenye nyuzi 27, na kwa skeli hii urefu huo ni sawa na 270 za kushoto. Mstari umeipita nguzo! Kwa njia yako, Aprili yenye mvua kuliko miezi yote ni kiangazi, na miezi mingine kumi na mmoja ni kiangazi pia.

Njia hiyo hutumika kwenye michoro ya Wajerumani Walter na Lieth, ambao walifunga skeli mbili kwa uwiano maalumu: nyuzi 10 za joto zinalala mstari mmoja na milimita 20 za mvua. Kwa uwiano huo, mwezi unahesabika kuwa mkavu pale ambapo milimita za mvua hazifiki mara mbili ya nyuzi za joto. Ukiutumia kwenye Kituo A, Juni ina nyuzi 25, ambazo mara mbili ni 50, na mvua ni 40, kwa hiyo ni mkavu. Julai, Agosti na Septemba vilevile. Oktoba ina 60 dhidi ya 50, imeponea. Februari ina 60 dhidi ya 56, nayo imeponea chupuchupu. Unapata miezi minne mikavu, jibu ambalo mtu yeyote wa pwani atalitambua. Kwenye grafu za shule mwalimu huchagua skeli inayomjazia karatasi, kwa hiyo mahali mstari na nguzo zinapokutana hapana maana yoyote.

#12 Binti Ujiji
Asante, nimeona. Ila nauliza kwa nia njema: kama sehemu ya kukutania haina maana, kwa nini vitabu vinaendelea kuchora vyote viwili kwenye fremu moja? Hapo ndipo mwanafunzi anapochanganya.

#13 Rula Fupi
Kwa sababu ya kubana karatasi, dada. Sababu nyingine zilitafutwa baadaye.

#14 Mpimaji Mstaafu
Nimekaa kwenye meza za usahihishaji miaka mingi, naomba nigusie jambo ambalo halijasemwa. Mwalimu wa Zamu, kwenye mwongozo wako umeruhusu kuteleza kwa kiasi gani? Kama grafu imechorwa kwenye karatasi ya miraba ya milimita 2, na sentimita moja inabeba milimita 50 za mvua, basi kamraba kamoja ni milimita 10. Jicho la mwanafunzi haliwezi kutenganisha 115 na 120 kwa uhakika. Ukiruhusu milimita 5 juu au chini kwa kila mwezi, jumla ya mwaka inaweza kuteleza hadi 60. Aliyeandika 1,080 anaweza kuwa amesoma kwa uangalifu kuliko aliyeandika 1,110 kwa kunakili kwa jirani.

Kuna kitu cha kuangalia hapo. Anayesoma kwa uangalifu hukosea mara juu mara chini, na makosa hufutana, jumla ikabaki karibu na 1,110. Anayekosea upande mmoja kwa miezi yote, kwa mfano kwa kuinamisha rula, jumla yake inakwenda mbali ingawa kila mwezi ukiutazama peke yake unaonekana ni sahihi. Kwa hiyo nisingesahihisha jumla bila kutazama miezi.

#15 Mwalimu wa Zamu
Mzee wangu, shikamoo. Mwongozo unasema 1,110 na basi. Ninao wanafunzi wanane wenye majibu kati ya 1,070 na 1,140 ambao mwenzangu amewakata. Nitawarudia.

#16 Kobe wa Ziwani
Nami nina langu. Kipengele cha mwisho cha maswali haya huwa ni kizio: kituo kiko kaskazini au kusini mwa ikweta? Mwongozo husema Julai na Agosti ndiyo miezi yenye ubaridi, kwa hiyo ni kusini. Mimi nafundisha Kampala, tuko kaskazini mwa ikweta kwa sehemu ndogo ya digrii, na Julai kwetu ndiyo miongoni mwa miezi yenye ubaridi zaidi. Mwanafunzi wangu akitumia kanuni hiyo ataihamishia Kampala kusini.

#17 Kipimajoto
Hoja nzuri. Karibu kabisa na ikweta, mawingu na mvua vinaweza kuamua mwezi wa ubaridi kuliko jua la utosi. Lakini kwa Kituo A, chenye tofauti ya nyuzi 4, miezi mitatu ya ubaridi mfululizo ambayo pia ni mikavu, ningekubali kusini. Ubaridi huo hauwezi kusingiziwa mvua, kwa sababu haipo.

#18 Kobe wa Ziwani
Nyuzi 4 bado ni chache kwangu. Ningekubali jibu "inaelekea ni kusini" na kumnyima alama anayesema "lazima".

#19 Rula Fupi
Kisha tumwombe mwanafunzi aandike "inaelekea" kwenye jina lake pia. Mwanafunzi anahitaji jibu moja, Kobe.

#20 Mwalimu wa Zamu
Kabla hamjapigana kuhusu ikweta, nilete swali la pili la mtihani huohuo, kwa sababu makosa yake yananitatiza zaidi. Ni piramidi ya idadi ya watu ya Nchi B, wanaume kushoto, wanawake kulia, kila upande 0 hadi asilimia 10. Kundi la miaka 0 hadi 4 lina karibu 8 kila upande. Tuliuliza: watoto wa chini ya miaka 5 ni asilimia ngapi ya watu wote? Jibu ni 16. Wengi wameandika 8. Mmoja ameandika 10, na anasema kwamba wanaume wa miaka 80 na zaidi ni asilimia 9.7. Tuliuliza pia uwiano wa utegemezi, ambao ni 85, na karibu darasa zima wamepata.

#21 Mpimaji Mstaafu
Huyo wa 10 anapendeza. Upande wa wanaume namba zinakua kuelekea kushoto: sifuri iko katikati na 10 iko ukingoni. Yeye ameanza kuhesabu kutoka ukingo wa kushoto kama anavyosoma grafu nyingine zote, kwa hiyo nguzo ya 8 ameiona 2. Akajumlisha na 8 za wanawake, akapata 10. Nguzo ya wazee ambayo ni 0.3 ikawa 9.7. Ukitaka kuhakikisha, tazama majibu yake ya upande wa wanawake: yatakuwa sahihi yote.

Wale wa 8 wamesoma upande mmoja, au wamejumlisha pande mbili wakagawanya kwa mbili. Lakini usiwahukumu kabla hujatazama mhimili wako umeandikwa nini. Kuna piramidi ambazo asilimia zake ni za watu wote, na kuna ambazo kila jinsi inahesabiwa peke yake. Jumlisha nguzo zote za wanaume: ikikaribia 50, ni za watu wote; ikifika 100, ni za wanaume peke yao, na hapo kujumlisha kushoto na kulia ndiko kunakokuwa kosa.

#22 Mwalimu wa Zamu
Nimejumlisha, inafika 50 na kidogo. Mhimili wetu umeandikwa "asilimia" tu.

#23 Mama Zuhura
Nilisema mimi.

#24 Kipimajoto
Kuhusu uwiano wa utegemezi, Mwalimu, usifurahi mapema. Nadhani Nchi B ina asilimia 42 chini ya miaka 15, 54 kati ya 15 na 64, na 4 za miaka 65 na zaidi. 46 gawanya kwa 54 ni 85 kwa mia. Sasa chukua upande mmoja tu: 23 gawanya kwa 27. Ni 85 ileile! Swali hilo haliwezi kumgundua aliyesoma nusu ya piramidi, kwa sababu kosa linajifuta juu na chini ya mstari wa kugawanya. Darasa lako zima linaweza kuwa limepata 85 kwa kusoma kushoto tu. Linalomgundua ni lile la 16.

#25 Mwalimu wa Zamu
Nadhani umepiga ndipo. Karatasi nyingi zina 23 na 27.

#26 Rula Fupi
Basi wapewe alama au wasipewe? Jibu ni sahihi, njia ni nusu.

#27 Kobe wa Ziwani
Wapewe. Wewe mwenyewe ulitaka jibu moja.

#28 Mfanyakazi wa Doha
Salamu kutoka Qatar. Sijui kusahihisha, ila niliwahi kuona kitabu cha mtoto wa mwenzangu ambamo piramidi ya hapa imetokeza upande wa wanaume kuanzia miaka ya ishirini na kitu hadi arobaini na kitu. Mtoto alikuwa ameandika kuwa Qatar huzaliwa wavulana wengi. Nikamwambia atazame chini: nguzo za watoto ni sawa kushoto na kulia. Hao waliotokeza ni sisi tulioshuka na ndege.

#29 Binti Ujiji
Hapo kwenye umbo ndipo na mimi huwakata wanafunzi. Piramidi yenye kitako kipana na ncha nyembamba inaonyesha vifo vingi, watu hawafiki uzeeni. Wengi wanaandika uzazi mkubwa peke yake na kusahau vifo.

#30 Mpimaji Mstaafu
Wewe una nusu ya haki, binti yangu. Tuseme idadi ya watoto wanaozaliwa inaongezeka asilimia 3 kila mwaka. Kwa miaka 20 inakuwa mara 1.8. Maana yake waliozaliwa miaka 20 iliyopita, hata asingekufa hata mmoja, wangekuwa kama asilimia 55 tu ya watoto wa leo. Piramidi ingechongoka bila jeneza. Umbo linabeba vifo na ukuaji wa uzazi kwa pamoja, na kwa piramidi moja huwezi kuvitenganisha. Ningempa alama anayetaja vyote viwili, na nisingemkata anayetaja kimoja.

#31 Kobe wa Ziwani
Na kitako kikiwa chembamba je? Piramidi ya Kenya ya sensa ya 2019 ina kundi la 0 hadi 4 dogo kidogo kuliko la 5 hadi 9. Mwongozo wa mwenzangu wa Kisumu unataka jibu moja: uzazi umepungua.

#32 Kipimajoto
Uzazi umepungua kweli. Tafiti za afya za Kenya zilionyesha watoto 4.6 kwa mwanamke mwaka 2008 na 2009, kisha 3.9 mwaka 2014, na 3.4 mwaka 2022. Jibu la mwongozo lina mguu wa kusimamia.

#33 Mpimaji Mstaafu
Lina mguu mmoja. Sensa nyingi hukosa watoto wachanga, kwa sababu anayejibu maswali mlangoni husahau kumtaja mtoto wa wiki tatu aliyelala ndani, au mtoto wa miaka minne na nusu hutajwa kuwa wa mitano. Wakipungua kwenye kundi la kwanza na kuongezeka kwenye la pili, unapata umbo hilohilo bila uzazi kushuka. Umri wetu wa kutaja kwa kukadiria unaonekana hata juu zaidi, ambapo watu hujikusanya kwenye 30, 40 na 50.

#34 Kipimajoto
Lakini kundi la 10 hadi 14 nalo si dogo kuliko la 5 hadi 9. Kusahau wachanga hakufiki huko.

#35 Mpimaji Mstaafu
Hakufiki, ila kukadiria umri kunafika. Mtoto wa miaka tisa akiitwa wa kumi, amehama kundi.

#36 Rula Fupi
Na mwanafunzi wa kidato cha nne, mwenye dakika kumi kwa swali hili, aandike lipi?

#37 Mwalimu wa Zamu
Hilo la Kenya nashukuru halimo kwenye mtihani wangu. Kwa sasa nimempa wa 92.5 alama zote za kusoma, na wa 22.5 alama moja ya kutoa. Mwenzangu hajakubali kuhusu huyo wa 22.5. Anasema aliyekosea mhimili hana cha kuokolewa, na kesho anakuja na rula yake.